Stoo ya Mpunga na Mlango Wake

Ladislas, fundi niliyempa kazi ya kunijengea stoo ya mpunga hapa Bugarama, aliishika barua yangu kama mtu aliyeshikishwa chura.

"Maman Mukandori, karatasi ya nini? Jana tulipatana, tukakunywa pombe ya ndizi kwa mrija mumoja. Si unaniamini?"

Yeye nilimwamini. Pombe ndiyo sikuiamini. Tangu turudi kutoka Congo baada ya vita, nimeona mapatano mengi yakilewa pamoja na wenyewe.

"Soma," nikamwambia.

Akasoma kwa sauti: "Kama tulivyopatana jana: kuta za matofali, sakafu ya simenti, mabati, mlango wa chuma, vifaa vyote juu yako. Faranga laki nane, nusu sasa, nusu kazi ikiisha. Kumaliza kabla ya mwezi wa sita. Kama nimekosea, sema kabla ya kuanza."

Akaruka. "Mulango? Mulango sikusema!"

"Ulisema!"

Tulipigiana kelele mpaka majirani wakatoka nje. Mwishowe mlango ukabaki, naye nikamwongezea wiki mbili. Tukasahihisha barua yake na nakala niliyobaki nayo, tukatia sahihi, kila mmoja akachukua yake.

Lakini hakuondoka. Alijikuna kichwa, akaninong'oneza.

"Maman, uniandikie ingine, ya kuonyesha bibi yangu, mama ya watoto. Bei uweke laki tano."

Nikafunika kalamu yangu.

"Karatasi ya nini, Papa Ladislas? Si bibi yako anakuamini?"