Misiba ya Mwisho wa Mwezi

Mzee Ndalahwa, muuza unga wa ngano kwa jumla mjini Mwanza, aliweka bahasha za rambirambi kwenye droo ya dukani. Wateja wake wa mkopo walifiwa sana, hasa mwisho wa mwezi, na aliyefiwa hadaiwi wala haombwi ushahidi. Maige, mwenye mgahawa, alikuwa amezika mama wakwe wawili ndani ya mwaka mmoja, naye ana mke mmoja.

Modesta alifika Jumanne, wakati deni lake lilikuwa la kulipwa Ijumaa. Alikuwa na tanuri la mikate Igoma. Kama Ndalahwa angemnyima unga, shule aliyoipelekea mikate ingetafuta mwokaji mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole sana, mama." Droo ilikuwa tayari wazi. "Ni nani?"

"Hajafa mtu."

"Mgonjwa?"

"Wote wazima. Shule imechelewa kunilipa. Ijumaa nitakupa theluthi ya deni. Iliyobaki naomba mpaka tarehe ishirini mwezi ujao. Katikati hapo nitanunua kwa taslimu, deni lisiongezeke."

Ndalahwa alimtazama kwa mashaka. Hakuna mdaiwa aliyewahi kumjia kabla ya siku yake, tena bila maiti.

"Unataka kuhama?"

"Tanuri ni la matofali, mzee. Nitalibeba vipi?"

"Unadaiwa na nani mwingine?"

"Mwenye kuni, nimeshamlipa. Mpigie mhasibu wa shule, namba hii hapa."

Akapiga. Mhasibu alikiri: shule inadaiwa hela ya mikate ya muhula mzima, malipo yameshaidhinishwa, yatatoka katikati ya mwezi ujao.

"Kumbe kweli," alisema Ndalahwa, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa.

Maige akaingia, amevaa shati jeusi.

"Mzee, tumepata pigo. Mama mkwe."

"Tena?"

"Wale walikuwa wadogo zake. Huyu ndiye mwenyewe."

Ndalahwa akampa bahasha. "Pole sana. Unga utapata ukishamaliza deni."

"Mzee! Hata na msiba?"

"Mgahawa hautapika mkiwa matangani."

Kisha akachukua ankara ya Modesta, akaandika tarehe mpya na kiasi cha Ijumaa, wakasaini wote wawili. Modesta akalipa taslimu mifuko miwili, ikapakiwa kwenye bajaji.

Nje, Maige alimfuata.

"Dada, umefiwa na nani wewe, mpaka tarehe ishirini?"

"Sijafiwa."

"Sasa ulimwambia nini?"

"Kwamba hela sina, kwa nini sina, na nitaipata lini."

Maige akafungua bahasha yake.

"Kwangu haiwezekani. Ya unga nimenunulia pikipiki."

Akachungulia ndani. "Elfu mbili! Yule wa Februari alipata tano."