Picha Saba za Saa ya Sista Mkuu

Picha zilikuwa saba, na katika ile ya saba kidole gumba cha mpigaji kilionekana vizuri kuliko saa yenyewe. Fundi Mama alizipitia zote mara mbili kwenye simu, akiwa amesimama, maana kiti chake kilikuwa kimebeba boksi la saa ya ukutani, na ndani ya boksi alikuwa amelala mtoto wake wa miezi mitano, ngumi mbili juu kama bondia aliyeshinda.

Kibanda kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka: meza moja, taa moja yenye shingo ndefu, na kabati la kioo lenye saa zilizosahauliwa na wenyewe. Kilikuwa cha baba mkwe wake kwa miaka arobaini. Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, alimkabidhi mke wa mwanawe kibano na lenzi ya jicho, naye akahamia kwenye stuli ya nyuma, ambako kazi yake ilikuwa kutia ufunguo saa za ukutani na kuingilia mazungumzo yasiyomhusu.

Chini ya picha, wifi yake alikuwa ameandika: "Wifi, nitazamie hii. Ni ya Sista Mkuu wa wodi yetu, ya marehemu mumewe. Anastaafu, anapunguza vitu. Nataka nimvishe bwana harusi wangu siku ya siku. Nijibu kabla ya saa nane, kuna daktari naye anaitolea macho."

Huyo wifi alikuwa muuguzi, dada yake mumewe, na harusi ilikuwa wiki sita mbele. Saa aliyoitaka ilikuwa ya kiwanda kikubwa cha ng'ambo, aina ambayo watu hawaivai, inawavaa. Akiba yake yote ya mwaka ingeishia humo.

Fundi Mama alikuza picha moja baada ya nyingine. Katika picha ya pili, maandishi ya uso wa saa yalikuwa na kingo zenye manyoya, kama wino uliomwagika kwenye karatasi ya choo. Kiwanda kile huchapa herufi kali, zinazokata. Katika picha ya nne, tarehe iliyokuwa chini ya kijilenzi cha kioo ilikuwa ndogo. Kwenye saa halisi, kijilenzi hicho huivimbisha tarehe ikajaa dirisha lake. Na katika picha ya tano ilisomeka namba ya saa. Aliiandika mtandaoni, akaikuta kwenye saa nyingine iliyouzwa nchi ya mbali miaka mitatu nyuma. Namba moja, saa mbili. Kiwanda hakizai mapacha.

Alijua anachokiona. Alijua pia ni ya nani. Sista Mkuu ndiye aliyepanga zamu za wifi yake, ndiye angeandika ripoti yake ya mwisho wa mwaka. Basi akaandika kwa vidole vya mtu anayekanyaga mayai: "Wifi, saa nimeiona. Ina mambo madogo madogo ya kuangalia, lakini picha nazo huwa hazisemi yote. Ukiweza iangaliwe vizuri."

Jibu lilirudi kabla hajaiweka simu mezani. "Asante wifi wangu wa dhahabu! Mambo madogo hayakosi, hata bwana harusi anayo. Nakwenda kumlipa mchana huu."

Fundi Mama akapiga simu.

"Usilipe!"

"Si umesema ni nzima?"

"Nimesema hivyo wapi?"

"Umesema mambo madogo. Mimi nikimwambia mgonjwa ana mambo madogo, anaondoka anaimba."

"Madogo ni namna ya kusema tu. Wifi, hiyo saa ni feki."

Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu. "Feki? Yaani yule mama, na kanisa lake lote lile, anataka kuniibia mimi? Hebu niandikie hivyo hivyo, neno moja, feki, na jina la kibanda. Naitupa kwenye grupu la wodi sasa hivi. Daktari naye aone."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Niandikie."

"Ngoja, mtoto ameamka," alisema Fundi Mama, akakata. Mtoto hakuwa ameamka. Alikuwa amelala fofofo, wala hakujua kuwa ametumiwa.

Mzee alikuwa amesikia kila neno, kama kawaida. Hakuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa akiitia ufunguo.

"Umeishika?" akauliza.

"Nini, baba?"

"Hiyo saa. Umeishika?"

"Sijaishika. Nimeona picha."

"Basi umeona picha." Akageuza ufunguo mara mbili. "Mimi niliwahi kumwambia mtu saa yake ni feki, kwa sababu ya uso wake tu. Nilisema mbele ya shemeji zake. Alikwenda kuifungulia kwa fundi mwingine, mashine ikawa ya kiwanda, safi kama siku ya kwanza. Uso ulikuwa umechapwa upya na fundi fulani baada ya kuingia maji. Yule bwana hapa hakurudi tena, na shemeji zake walikuwa saba, wote wana saa."

"Lakini hii ina dalili tatu, baba."

"Moja ni uvumi, mbili ni maneno, tatu ni jambo. Sijasema uongo usemwe. Umemwandikia kauli ya kwanza kwa woga, akaenda kulipa. Ya pili umeisema kwa hasira, anakwenda kumvua mtu nguo. Andika ya tatu. Tena andika kama vile mwenye saa ndiye atakayeisoma, maana ataisoma. Watu wa simu hawana siri."

Fundi Mama alisogeza boksi la mtoto, akakaa kwenye pembe ya kiti. Aliandika, akafuta, akaandika. Pale alipokuwa ameweka "Sista Mkuu anauza saa ya bandia" alifuta, kwa sababu hakuna picha hata moja kati ya saba iliyomwonyesha Sista Mkuu moyoni. Pale alipoweka "huenda kuna tatizo" alifuta pia, kwa sababu "huenda" ni neno la kulalia. Ilimchukua karibu nusu saa, na mwisho wake ukawa huu:

"Wifi, usilipe bado. Kwa picha hizi saba, ninaegemea zaidi upande wa kuwa saa hii si ya kiwanda kilichoandikwa usoni mwake. Naegemea sana, ila sijaishika, kwa hiyo siwezi kuapa.

Nilichokiona: maandishi ya uso hayana ukali (picha ya 2). Tarehe inaonekana ndogo chini ya kijilenzi (picha ya 4). Namba yake ipo pia kwenye saa nyingine mtandaoni (picha ya 5).

Kila kimoja peke yake kinaweza kuwa na sababu nyingine. Uso huchapwa upya na mafundi. Kioo hubadilishwa. Namba huweza kuwa imeibwa kutoka kwenye saa hii, ikabandikwa kwenye ile. Vikikutana vyote vitatu, ndipo ninapopata shaka kubwa.

Nisichokiona: mashine ya ndani. Hiyo ndiyo itakayokata maneno. Iletwe, niifungue mwenyewe akiwepo, bila malipo. Kuhusu mwenye saa sina la kusema. Mtu anaweza kurithi kitu bila kujua ni nini."

Aliituma. Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini. Kisha wifi akaandika: "Hii ni barua ya mahakamani. Kwa hiyo ni feki au si feki?"

"Kama ungenishikia bunduki, ningesema feki. Lakini hujanishikia."

"Basi silipi. Ila nitamwambiaje yule mama?"

"Mwonyeshe hiyo hiyo. Yote, usikate kipande."

Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Fundi Mama alibadilisha betri mbili na mkanda mmoja, na kila nyayo zilizoshuka ngazini zilimfanya ainue kichwa. Aliwaza zamu za usiku ambazo wifi yake angepangiwa mpaka harusi ipite. Mtoto aliamka kweli sasa, akanyonya, akacheua begani.

Saa kumi kasoro waliingia wawili. Wifi alitangulia, uso umemshuka kama mtu aliyepeleka mwenyewe sindano yake. Nyuma yake alikuwa mama mnene, bado na viatu vyeupe vya wodi, ameshika mkoba mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye uliyeandika?" alimuuliza Fundi Mama.

"Ndiye mimi, mama."

"Nimeisoma mara nne. Nilitafuta pa kukasirikia, sikupaona." Akafungua mkoba. "Daktari nimemwambia asubiri. Ifungue."

Fundi Mama alimkabidhi wifi mtoto bila kuuliza, akavaa lenzi. Kwanza aliiangalia tarehe. Ilikuwa imevimba vizuri chini ya kijilenzi chake, imejaa dirisha. Aliinamisha saa kidogo, tarehe ikasinyaa. Mpigaji alikuwa ameipiga kwa pembeni, ndiyo maana. Akaikaza kwenye kishikio, akageuza mfuniko wa nyuma ukalegea.

Wote watatu waliinama. Mzee naye alishuka kwenye stuli, jambo ambalo hakulifanya hata moto ulipowaka duka la jirani.

Upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa mtupu, bila mhuri wala namba. Mashine ilikuwa ikizunguka kwa bidii, lakini haikuwa na jina, na magurudumu yake hayakuwa yamesuguliwa kingo. Fundi Mama aliitazama mpaka macho yakaacha kutafuta.

"Sasa nimeishika," alisema. "Mashine si ya kiwanda hicho, mfuniko si wake, uso si wake. Hili naliapia. Nani aliiweka na lini, sijui."

Sista Mkuu akasema, kama anayejibu swali la muda mrefu, "Ilikuwa inachelewa dakika kumi kila wiki. Naye marehemu alikuwa anachelewa, nikadhani wamezoeana."

Wifi alicheka kabla hajajizuia, akafunika mdomo kwa kichwa cha mtoto. Sista Mkuu hakukasirika. Alicheka pia, kidogo, na jicho moja likalowa.

Fundi Mama alichukua kitabu cha risiti, akaandika alichokiona. Kisha akafungua ujumbe wa mchana na kumwonyesha. "Hapa penye tarehe nilikosea, mama. Kioo hakina neno. Ilikuwa ni namna picha ilivyopigwa." Akaliandika hilo nalo.

"Ungeweza kuliacha. Mwisho si umepatia?" akauliza Sista Mkuu.

"Nimepatia mawili."

Sista Mkuu aliitazama risiti, akaikunja mara mbili. "Ifunge. Nibadilishie mkanda, mwembamba, wa mkono wangu. Siuzi tena." Akamgeukia wifi. "Na wewe Jumatatu uje asubuhi, si usiku. Bibi harusi hafai kuwa na macho mekundu."

Walipoondoka, mzee alirudi kwenye stuli yake bila neno, jambo ambalo kwake lilikuwa hotuba.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, simu ililia. Picha tano, na maneno: "Wifi, nitazamie viatu hivi vya ngozi. Muuzaji anasema ni ngozi halisi. Jibu haraka."

Fundi Mama alimweka mtoto kwenye boksi lake, akakuza ya kwanza, akatabasamu, akaandika: "Anza kwa kunipigia nyingine. Isiyo na kidole gumba."