Gauni la Mokeira

Dada yangu Mokeira alikuwa na siku nne kaburini, na mtoto aliyemwacha alipofariki akijifungua alikuwa ameshababuka mapajani, akilia bila kukoma. Nilipomfungua nikaona sababu. Baba yake, Obadiah, alikuwa amenunua nailoni inayong'aa sokoni Ekerenyo, akashonesha nepi. Nikaimwagia maji. Yakateleza kama juu ya jani la mgomba.

"Mimi ni fundi wa nguo, na hakuna aliyeniuliza!" nikafoka. "Hii hainywi mkojo. Unabaki kwenye ngozi!"

Obadiah akaenda akaleta marekani mpya, kile kitambaa cheupe cha pamba. Ilikuwa imekakamaa kwa wanga. Hailainiki wala kunywa maji vizuri mpaka ifuliwe mara kadhaa, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima; ingekauka wapi?

Nikafungua sanduku la Mokeira. Gauni lake la pamba lilikuwa limechakaa kwa kufuliwa miaka sita, safi, limekunjwa kwa mikono yake mwenyewe. Nikalidondoshea tone la maji. Likazama papo hapo.

"Usiguse!" Nyanchera, mama yake Obadiah, akanishika mkono. "Nguo za marehemu hazitolewi kabla ya siku ya kuzigawa."

"Basi mwambie mtoto asubiri, mama."

Nikalipasua. Obadiah akageukia ukutani.

Nikamvalisha mtoto kipande cha mbele, kile kilichokuwa kimemfunika akiwa bado tumboni. Akanyamaza. Baada ya muda akakojoa, na gauni la mama yake likaunywa mkojo wote.