Kumkimbiza Baba Mkwe Juu ya Mkanda

Tusekile alitoka Tukuyu mpaka Ulaya pamoja na baba mkwe wake, na njia nzima hakumwona uso hata mara moja. Msicheke. Kwetu Rungwe mkamwana na mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Mkamwana akimwona mkwe anakuja, anachepuka kwenye migomba mpaka apite. Na mkwe naye akisikia kikohozi cha mkamwana nyuma yake, anakaza mwendo ili nafasi iwepo. Miaka ile ya ruksa, mambo mengi yakiachiwa huru, vijana wengi walishaanza kulegeza, lakini mkwe wake, Mzee Ambindwile wa Ikuti, hakuwa mtu wa kulegeza kitu. Kwenye basi la Dar alikaa nyuma ya dereva, na Tusekile akakaa kiti cha mwisho kabisa, kile kinachorusha watu kama bisi. Kwenye ndege ikawa hivyo hivyo, mzee mbele, mkamwana kule karibu na vyoo.

Katikati alikuwepo Mama Veronika, mke wa mzee, ambaye ndiye alikuwa njia yao ya maneno. Mkamwana akiwa na neno, anamwambia mama. Mama anamwambia mzee, mzee anamjibu mama, na mama anarudi na jibu. Mama Veronika alikuwa na magoti mabovu, lakini kazi hiyo aliipenda, maana kila neno lilipita kwake na hakuna aliloshindwa kulitia chumvi kidogo.

Safari yenyewe ilikuwa ya Prosper. Prosper ni mtoto wa mzee na mume wa Tusekile, na alikuwa anamaliza masomo ya udaktari wa mifugo huko Denmark. Asubuhi ya kesho yake baada ya wao kufika angevikwa joho. Rafiki zake wa kanisani walikuwa wamewatumia tiketi wote watatu. Mzee Ambindwile alikuwa ameitangazia Ikuti nzima kwamba atamwona mwanawe akivishwa. Na Tusekile? Tusekile hakuwa amemtia mumewe machoni kwa miaka miwili. Alimtamani mpaka akaona aibu mwenyewe, mwalimu mzima wa hesabu, anasahihisha madaftari ya kidato cha tatu huku anatabasamu peke yake.

Ilibaki kubadilisha ndege Amsterdam tu. Lakini ndege yao ya kwanza ilipigana na upepo wa mbele usiku kucha, ikatua imechelewa. Ndege ya pili ilikuwa ya mwisho kabla ya sherehe. Ukiikosa hiyo, utafika Prosper keshavua joho na kuliweka kabatini.

Dada mmoja wa uwanjani alimwonyesha Tusekile kwa kidole. "Lango lenu liko kule mwisho. Kwa miguu ni dakika kumi na mbili. Wanafunga baada ya kumi."

Tusekile akatazama kule mwisho, na mwisho hauonekani! Lilikuwa korido refu kama barabara ya Kyela, vioo upande huu na vioo upande ule. Kumi na mbili ndani ya kumi haziingii, hata kwa maombi.

Ndipo akaona sakafu inatembea. Katikati ya korido ulilazwa mkanda mweusi mpana, una vishikio pembeni, na watu wamesimama juu yake wanapelekwa wamejinyamazia. Ukiisha huo, mbele unaanza mwingine, na mwingine tena. Tusekile akaukazia macho kama swali la mtihani. Mtu aliyesimama juu ya mkanda alipopita dirisha moja, mtu wa sakafuni aliyekuwa anatembea alishapita mawili. Kumbe mkanda wenyewe una nusu ya mwendo wa mtu! Ukisimama juu yake utafika baada ya dakika ishirini na nne, bora hata ungeenda kwa miguu yako. Lakini ukitembea juu yake, mwendo wako mzima unajumlishwa na ile nusu ya mkanda, na zile kumi na mbili zinashuka mpaka nane. Nane na ushee, ukihesabu vipande vya sakafu kati ya mkanda na mkanda.

"Mama," alisema haraka, "mwambie Baba tupande ule mkanda, lakini tusisimame. Tutembee juu yake. Tutawahi!"

Mama akamwendea mzee, akarudi ameshika kiuno. "Baba yako anasema atapanda, ila kutembea hatembei."

"Kwa nini?"

Kwa nini! Mzee Ambindwile alikuwa amefanya kazi kiwanda cha chai tangu ujana mpaka mvi, akiwa msimamizi wa mkanda unaobeba majani. Kiwandani kukanyaga mkanda ni marufuku, na aliwahi kumfukuza kazi kijana aliyetembea juu yake kwa mchezo. Sasa wazungu wameamua kumbeba mtu kwenye mkanda? Sawa, atabebwa. "Jani la chai halitembei," alimwambia mkewe. "Linatulia, linapelekwa." Akapanda, akaegemeza mwavuli wake kwenye bega, akasimama wima kama anapigwa picha.

"Huyu mzee!" Mama Veronika alisema. "Ngoja nimwonyeshe." Akajitweka kikapu, akapanda, akampita mumewe kwa pembeni na kuanza kutembea.

Weee! Hatua ya kwanza akastaajabu. Ya pili akacheka. Ya tatu magoti yakasahau kwamba ni mabovu. Hatua yake ilikuwa ile ile ya kwenda kisimani, lakini madirisha yalikuwa yanamkimbia, na vijana wenye mabegi waliokuwa wanatembea sakafuni walikuwa wanabaki nyuma. Alipiga kigelegele kilichogeuza vichwa vya korido zima. "Mwe! Nina miguu ya msichana!" alipaza sauti, na hakugeuka tena. Alikwenda, akavuka mkanda wa kwanza, akaingia wa pili, kitenge kinapepea, mpaka akabaki kidoa cha rangi kule mbele.

Na njia ya maneno ikaenda naye.

Tusekile, ambaye naye alishapanda, akabaki juu ya mkanda, hatua kama ishirini nyuma ya mgongo wa mkwe, amejifunika kitenge kichwani, roho juu juu. Kumsemesha hawezi. Kumpita hawezi, kwa sababu angetokea mbele ya macho yake. Kushuka akatembee sakafuni pia hawezi, kwa kuwa hata sakafuni mtu anayetembea anamshinda anayesimama juu ya mkanda, na baada ya muda mfupi tu angekuwa amemtangulia. Wamebebwa wote wawili, mwendo mmoja, nafasi kati yao haipungui wala haiongezeki, na dakika zinayeyuka. Alimwona Prosper akilini, amevaa joho, anaangaza macho ukumbini, anatafuta watu wake. Machozi yakamlenga. Akakohoa ili asilie.

Mzee Ambindwile akasogea hatua mbili mbele.

Tusekile akaupima mgongo ule. Halafu likamjia jambo baya, zuri, la kihuni kabisa, mpaka akaziba mdomo kwa kitenge.

Akapiga hatua tano mbele, na akakohoa tena, kwa adabu zote, jinsi mkamwana aliyefundwa anavyopaswa kukohoa anapokaribia. Mzee akasikia. Mabega yakakakamaa, na akaenda hatua tano. Hakugeuka, atageukaje? Tusekile akaenda kumi. Mzee akaenda kumi. Tusekile akashika mwendo kabisa, viatu ko ko ko, kikohozi kila baada ya pumzi, na mzee mbele yake mguu mosi mguu pili, mwavuli begani, jani la chai limeota miguu!

Loh, walivyokwenda! Waliwapita wa sakafuni kama wamepandwa pale. Kila mkanda ulipoisha mwendo ulizama ghafla chini ya nyayo zao, wakayumba kama walevi, wakavuka kipande cha sakafu kwa kasi ya kawaida ya binadamu, wakadaka mkanda mwingine na kupaa tena. Mtalii mmoja aliyesimama katikati ya njia aliona mzee wa suti ya kahawia anamjia, nyuma yake mwanamke aliyejifunika anakohoa, akajibana pembeni mwenyewe bila kuombwa. Tusekile alikuwa anacheka ndani ya kitenge mpaka mbavu zikauma. Alikuwa anamkimbiza baba mkwe! Huko Ikuti hilo ni neno la kuitiwa kikao, lakini kosa liko wapi? Yeye anatembea tu, na anakohoa tu.

Kwenye mkanda wa mwisho alimsikia mzee naye ana sauti. Alidhani anahema. Hapana. Mzee Ambindwile alikuwa anacheka, kichinichini, kicheko cha mtu aliyefanywa mjinga na hana la kufanya.

Lango lilikuwa pale pale mkanda unapoishia. Mama Veronika alishafika, amejiweka katikati ya mlango na kikapu chake, anamhutubia dada wa lango kwa Kinyakyusa, na dada wa watu ameshika mlango haelewi afunge au asifunge. Mzee akashuka kwenye mkanda, akafika mlangoni, akasimama.

Hapo ndipo Tusekile alipokwama. Mkwe amesimama. Mkamwana hamkaribii mkwe aliyesimama. Akasita, lakini mkanda haujui mila za mtu, ulikuwa unampeleka vile vile, miguu imetulia na mgongo wa mzee unazidi kuwa mkubwa. Kwa woga akaanza kurudi nyuma. Hatua ndogo ya kinyumenyume, mkanda unamleta mbele. Nyingine ya kinyumenyume, mkanda unamleta mbele. Alikaza mwendo mpaka ukalingana na ule wa mkanda, mmoja ukala mwingine, na akabaki pale pale, anatembea kwa bidii na haendi popote. Kicheko kilishamwisha.

"Anakuja mwingine?" dada wa lango aliuliza kwa Kiingereza, akiangalia saa. "Nafunga sasa."

Kiingereza mzee hakijui, lakini mkono uliokuwa unasukuma mlango aliuelewa. Akauweka mwavuli kwenye mlango. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi ya mwanawe. Aligeuka mzima mzima, akamtazama mkamwana wake usoni.

Tusekile akainamisha kichwa, miguu inaendelea kurudi nyuma.

"Mwanangu!" Sauti ile hakuwahi kuisikia ikimwita yeye. Ilitetemeka, ikapanda. "Mwanangu, unarudi wapi? Mumeo anakungoja! Njoo mbele! Usisimame, tembea, tembea juu yake!"

Tusekile akageuza hatua. Mkanda ulimsukuma na miguu yake ikamsukuma, vyote upande mmoja, akafika kabla hajamaliza kufuta macho. Mzee Ambindwile alikuwa bado ameushikilia mwavuli mlangoni, bado anamtazama, na akajibana pembeni ili yeye atangulie kuingia.