Ufunguo wa Sanduku la Dawa

Angèle alileta hospitalini daftari lenye harufu ya samaki mkavu, na hakuona haya hata kidogo. Biashara yake ilikuwa kununua samaki kwenye kisiwa cha Kilwa, katika Ziwa Mweru, na kuwauza mjini Kashikishi upande wa Zambia, kwa hiyo kila alichogusa kilinuka. Daftari hilo lilikuwa na mwaka mzima wa kifafa cha binti yake Arlène: kila alipoanguka, mama aliandika.

Kesho yake daktari wa mishipa ya fahamu angefika kutoka Lusaka, kwa siku moja tu. Foleni ilikuwa ndefu, na kila mgonjwa alitakiwa kuwa na karatasi moja. Angèle aliitaka karatasi hiyo iseme neno moja: dawa imeshindwa, leteni nyingine kali zaidi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshamwambia kwamba kama hali ni hii, Arlène akae nyumbani.

"Tuanze na muda," alisema Felistus, muuguzi wa kliniki ya kifafa. "Hapa umeandika nusu saa. Alitetemeka nusu saa nzima?"

"Tangu anaanguka mupaka anaamuka," alijibu Angèle kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Kutetemeka peke yake?"

Angèle hakuwa na saa. Yeye alikuwa akisali Salamu Maria mfululizo mpaka mikono ya mtoto itulie. Felistus akatazama saa yake ya mkononi na kumwomba asali vilevile, kwa kasi ileile ya hofu. Angèle akaanza. Alipofika ya sita machozi yalikuwa yanamtoka, maana mdomo ulikumbuka kila kitu. Ya nane ndiyo aliyokuwa akifikia kwa kawaida. Dakika mbili. Felistus akaandika: mwili mzima hutetemeka dakika mbili hivi, kisha usingizi mzito wa nusu saa. Hiyo ni habari tofauti kabisa na nusu saa ya kutetemeka, ambayo ingemfanya daktari yeyote aruke kitini.

Kwenye safu ya visababishi Angèle alikuwa amejaza kila kitu: mwezi mpevu, joto, ugomvi wa majirani. Felistus hakumcheka. Aliandika "mama anahisi mwezi mpevu", kisha akaandika homa ya malaria, kwa sababu mara mbili mtoto aliungua homa kabla ya kuanguka. Mara moja hapakuwa na sababu iliyojulikana. Hizo ni mara tatu kati ya kumi na nne za mwaka mzima. Zilibaki kumi na moja, nazo zilikuja kwa makundi, halafu wiki nyingi za amani.

"Na dawa? Safu ya dozi zilizorukwa iko tupu."

"Haikosake. Kila magaribi minamupa miye mwenyewe."

"Na ukiwa Kilwa?"

Angèle aligeuka nyuma. Kwenye benchi nyuma yake alikaa mama mkwe wake, Chewe, ambaye alikuwa amemshika Arlène mkono tangu asubuhi. Angèle akisafiri, Chewe ndiye aliyekaa na mtoto, na ndiye aliyemsimulia maanguko akirudi. Kuhusu dawa Angèle hakuandika kitu. Hakuwapo, angeandikaje asichokiona?

Ukweli ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Vidonge vilikaa sandukuni, na ufunguo ulisafiri naye. Zamani Chewe alitaka mtoto apelekwe kwa mganga, na Angèle aliogopa vidonge vitatupwa. Alikuwa akiacha vya siku mbili kwenye kikombe. Lakini ziwa halina ratiba. Upepo ukikataa, siku mbili huwa tano.

Angeweza kunyamaza. Hospitali ile haikosi wa kumkemea mama, na aliogopa wangemnyima dawa kabisa. Lakini alimtazama Arlène, aliyeshona mwenyewe begi lake la shule, akaona kwamba dawa kali zaidi ingefungiwa sandukuni humohumo.

"Andika," alisema. "Wakati minachelewa Kilwa, mutoto hanywake. Ni miye. Minaenda na ufunguo."

Felistus alilinganisha tarehe za daftari na safari zake, akaandika: maanguko kumi na manne kwa mwaka, kumi na moja yalitokea mama akiwa safarini au punde baada ya kurudi, baada ya siku mbili au zaidi bila dawa. Hakumkemea. Angèle alikuwa amejiandaa kukemewa, na kutokemewa huko kulimuuma zaidi.

Kesho yake daktari alisoma karatasi, akamchunguza Arlène, akamuuliza mama maswali machache.

"Siwezi kusema dawa imeshindwa kama haikunywewa," alisema. "Ileile, kiasi kilekile, kila jioni. Tuone miezi mitatu. Na shule aende."

Barazani Angèle alihangaika na fundo la kitenge mpaka likafunguka. Aliona aibu, na hakujaribu kuificha.

"Bamayo, mama yangu, munisamehe. Niliona mutatupa dawa."

Chewe aliupokea ufunguo kwa mikono miwili.

"Zile siku nilijaribu kufungua sanduku na kisu, nimupe," alisema. "Sasa niambie. Ni bidonge bingapi?"