Ndoo Elfu Moja Ambazo Hazikuwepo

Matokeo yalibandikwa Jumamosi saa nne asubuhi kwenye ubao wa chuo, na Mama Stoo alipata thelathini na nne. Ya kufaulu ilikuwa arobaini. Alilisoma jina lake mara tatu, akalifuata kwa kidole kutoka kushoto hadi kulia kama anavyofuata mistari ya daftari la stoo kazini, asije akawa amesoma alama za mtu mwingine. Hakuwa amekosea. Thelathini na nne ilikuwa yake.

Jina hilo la Mama Stoo alipewa kiwandani. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha ndoo za plastiki, na hakuna ndoo iliyowahi kuingia wala kutoka bila yeye kujua. Mwaka huo karani wa gharama alistaafu, na mhasibu wa kiwanda akamwambia wazi kwamba kiti kile ni chake akileta karatasi ya kufaulu mtihani wa uhasibu wa gharama kabla ya mwisho wa mwezi. Asipoileta, wangeajiri mtu wa nje. Mwisho wa mwezi ulikuwa Ijumaa.

Aliomba karatasi yake ya majibu akaifungua pale pale kwenye korido. Maswali mengine aliyafanya wastani, hilo alilijua tangu siku ya mtihani na hakuwa na la kulalamikia. Ila swali la tatu lilimpandisha damu kichwani. Sehemu ya kwanza alipewa sita juu ya sita. Sehemu ya pili, sifuri juu ya nane. Ya tatu, sifuri juu ya sita. Na swali la tatu ndilo pekee aliloliandika bila hata kuinua kichwa, kwa sababu lilihusu kiwanda cha ndoo.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa darasa moja naye na alikuwa amepata arobaini na tatu. Alikuja na kicheko chake, akamshika bega, akamwambia asijali, mtihani wa marudio upo. Mama Stoo akamwomba karatasi yake. Walipoziweka sambamba, kila kitu kikajieleza. Kwenye sehemu ya pili wifi alikuwa ameandika faida ya milioni moja na laki sita, akapewa nane zote. Mama Stoo alikuwa ameandika milioni moja na laki nne.

"Hii umeipata vipi?" aliuliza.

Wifi hakuwa mtu wa kuficha. Alisema ni swali la mwaka jana, darasa zima lilikuwa na majibu yake, na nusu yao waliyakariri yalivyo. Hapo akatazama tena karatasi ya maswali, na kicheko kikamkauka. Mwaka jana kiwanda kilizalisha ndoo elfu kumi. Mwaka huu ziliandikwa elfu tisa. Mwalimu alikuwa amebadilisha idadi hiyo moja kwenye swali, akausahau mwongozo wake wa kusahihishia.

"Wifi, tafadhali," alisema kwa sauti ya chini. "Ukilifukua hili mimi naanguka."

Mama Stoo alimpenda wifi yake. Alikunja karatasi, akaitia mkobani, akaenda kumtafuta mwalimu.

Wanafunzi walimwita Desimali, kwa sababu alikuwa na tabia ya kukata alama mtu akisahau nukta. Alikuwa ofisini amezungukwa na rundo la karatasi, na hakumkaribisha kiti. Alimsikiliza nusu, kisha akaeleza kwamba mwongozo umetumika miaka miwili na haujawahi kulalamikiwa. Akamwonyesha kwa kalamu: jibu la sehemu ya kwanza kwenye mwongozo ni milioni moja na laki mbili, na yeye mwenyewe Mama Stoo ameandika milioni moja na laki mbili. Kama mwongozo ni mbovu, mbona hapo wamekutana? Akasema mambo haya yanataka utulivu na umri fulani wa kujifunzia. Hilo la umri ndilo lililomaliza mazungumzo. Mama Stoo, mwenye miaka arobaini na miwili, alimuaga kwa adabu zote, akapanda ngazi moja kwa moja hadi kwa mkuu wa idara.

Mkuu wa idara alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba, asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza, akamwita Desimali, akawapeleka wote wawili kwenye darasa tupu la jirani. Akampa Mama Stoo chaki, akamwambia afanye swali lote tangu mwanzo.

Basi akaandika. Bei ya ndoo moja, elfu moja. Gharama badilifu, yaani zile zinazopanda na kushuka pamoja na idadi ya ndoo: malighafi mia tatu na hamsini, vibarua mia moja, umeme wa mashine hamsini, jumla mia tano. Gharama za kudumu za kiwanda, kodi ya jengo na mishahara ya wasimamizi, milioni mbili kwa mwezi, ndoo zizalishwe zisizalishwe. Uzalishaji wa kawaida uliopangwa, ndoo elfu kumi. Gharama za kudumu za ofisi na mauzo, laki nane. Mwezi ulianza stoo ikiwa tupu. Zikazalishwa elfu tisa, zikauzwa elfu nane, na gharama zote zikatoka kama zilivyopangwa.

Njia ya kwanza ni ya gharama badilifu. Kila ndoo iliyouzwa inaacha mchango wa mia tano, bei ukitoa gharama badilifu. Mara elfu nane ni milioni nne. Unatoa gharama zote za kudumu za mwezi huo, milioni mbili za kiwanda na laki nane za ofisi. Inabaki milioni moja na laki mbili. Desimali akatikisa kichwa kukubali, tena kwa tabasamu.

Njia ya pili ni ya gharama kamili, ambamo kila ndoo inabebeshwa fungu lake la kodi na mishahara. Milioni mbili gawanya kwa elfu kumi zilizopangwa, ni mia mbili kwa ndoo. Kwa hiyo ndoo moja inagharimu mia saba. Ndoo elfu tisa ni milioni sita na laki tatu. Toa zile zilizobaki stoo, elfu moja kwa mia saba, laki saba. Zilizouzwa ziligharimu milioni tano na laki sita. Mauzo ni milioni nane, kwa hiyo faida ghafi ni milioni mbili na laki nne. Lakini kiwanda kilipanga elfu kumi kikatoa elfu tisa. Ndoo elfu tisa zimebeba milioni moja na laki nane tu ya zile gharama za kudumu. Laki mbili zimebaki bila wa kuzibeba, na lazima zitolewe kwenye faida. Zikitoka hizo, zikatoka na laki nane za ofisi, inabaki milioni moja na laki nne.

Akamalizia sehemu ya tatu kwa mstari mmoja. Tofauti ya faida mbili ni laki mbili, na sababu yake iko stoo: ndoo elfu moja, kila moja imebaki na mia mbili za kodi ya mwezi huu, zikisubiri kuuzwa mwezi ujao. Akaweka chaki chini.

Desimali alikohoa. Akarudia hoja yake ya ofisini, kwamba sehemu ya kwanza inakubaliana na mwongozo, na mwongozo hauwezi kuwa sahihi hapa na mbovu pale.

"Sehemu ya kwanza haijali mmezalisha ngapi, mwalimu," alisema Mama Stoo. "Inaangalia mmeuza ngapi. Zalisha elfu tisa, zalisha elfu ishirini, maadamu umeuza elfu nane jibu ni lile lile. Ndiyo maana kosa lako limejificha."

Kisha akageuka akamtazama usoni, na hapo miaka kumi na moja ya stoo ikasema yenyewe. "Mwongozo wako unasema stoo zimebaki ndoo elfu mbili. Zimetoka mashineni elfu tisa, zimeuzwa elfu nane. Mimi ni mtunza stoo. Nionyeshe hizo elfu moja nyingine ziko wapi."

Mkuu wa idara aliisoma karatasi ya maswali, akausoma mwongozo, akavua miwani. Desimali naye alisoma, na shingo yake ikalowa jasho. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu aliyezoea kutoulizwa.

Akaja na njia ya mkato. Alisema karatasi ni mia moja na ishirini, kuzisahihisha upya ni kazi ya wiki, na chuo kitachekwa. Yeye alikuwa tayari kumwongezea huyu mama alama sita za huruma, zifike arobaini, kila mtu aende nyumbani. Mkuu wa idara alimwachia mwenyewe aamue. Alimtazama Mama Stoo.

Arobaini ilitosha. Ijumaa angeipeleka karatasi kiwandani na kiti kingekuwa chake. Kwa kitambo kidogo alikitamani kile kiti kuliko kitu chochote duniani. Pia aliogopa, maana akikataa na Ijumaa ikampita, hangekuwa na pa kulilia.

"Huruma muwape wagonjwa," alisema. "Mimi nadai alama kumi na nne, na nataka iandikwe kwamba mwongozo ulikosea. Nikichukua sita zenu, nitakuwa nimekubali kwamba zile ndoo zipo."

Mkuu wa idara alivaa tena miwani yake. Akamwambia Desimali kwamba karatasi zote mia moja na ishirini zitasahihishwa upya, swali la tatu tu, na yeye mwenyewe ataketi naye hadi Alhamisi.

Alhamisi jioni matokeo yalibandikwa upya ubaoni. Mama Stoo, arobaini na nane. Wifi, thelathini na tatu, baada ya kupoteza nane za sehemu ya pili na mbili za ya tatu. Chini kulikuwa na mstari mmoja uliosainiwa na Desimali, ukisema mwongozo wa swali la tatu ulikuwa na kosa. Wanafunzi wawili walimpita Mama Stoo getini bila kumsalimia. Aliwasalimia yeye, kwa sauti kubwa, mpaka wakaitikia.

Wifi alikuja nyumbani usiku huo huo, macho mekundu, hata kubisha hodi hakubisha. Habari za zile alama sita za huruma zilikuwa zimemfikia, akasimama mlangoni akasema alichokuja kusema.

"Ungechukua zile sita, sote wawili tungekuwa tumefaulu."

"Tungefaulu," alijibu Mama Stoo. "Halafu siku moja ungepata kazi kiwandani kwetu, ukaja na daftari kuniambia stoo yangu ina ndoo elfu mbili. Ningekufukuza mbele ya watu, wifi yangu, na ingeniuma."

Wifi alibaki pale mlangoni. Mama Stoo hakuomba msamaha, na hakuwa na nia ya kuuomba. Alivuta kiti cha pili mezani, akafungua daftari kwenye ukurasa mweupe, akaandika juu kabisa: zimezalishwa elfu tisa.

"Zimeuzwa elfu nane," alisema, akamsukumia kalamu. "Zimebaki ngapi?"

Wifi akafuta macho kwa kiganja, akaketi, akaanza kuhesabu.