Hadithi ya Ukungu Kituoni Kuromori

Mume wangu Tetsuo ana kifaa cha kusikilizia kwenye sikio la kushoto, basi anajiona redio ya taifa. Mimi ni kiziwi tangu utotoni, wala sijidanganyi: treni naisoma.

Siku ya harusi ya binti yetu Chigusa, kioo cha matangazo juu ya mlango wa treni kilionyesha kama kawaida: kituo kinachofuata Kuromori, mwisho wa safari Minesaki, kufika saa tano na robo. Harusi ilikuwa saa sita. Chigusa aliahidi kutushukuru kwa lugha ya alama mbele ya watu wote, na treni ya baadaye ingefika saa nane. Tukichelewa, basi tena.

Tulipokaribia Kuromori, programu ya simu yangu, ile inayogeuza sauti kuwa maandishi, ikaandika tangazo: "Kutokana na upepo mkali, Kuromori kutafanyika hadithi ya ukungu."

"Hata mimi nimesikia ukungu," Tetsuo akaniambia kwa mikono. "Tulia, Mama."

"Ukungu gani, Baba, na jua hili? Upepo na ukungu wamepatana lini?"

Kioo bado kilisema Minesaki. Nikayarudia maneno yale ya Kijapani kwa midomo: kiri ni ukungu, hanashi ni hadithi. Kirihanashi. Ukiyaunganisha, linakuwa neno la kutenganisha mabehewa! Treni ilikuwa inakatwa.

Milango ilipofunguka nikamkimbilia kondakta. Akanijibu ndani ya barakoa. Nikagusa sikio, nikampa daftari. Akaanza kuandika kwa mwandiko mzuri: "Tunaomba radhi kwa dhati kwa usumbufu mkubwa..."

Nikamnyang'anya kalamu. "Radhi baadaye! Mabehewa gani yanakwenda Minesaki?"

"1 hadi 3. Zimebaki dakika nne."

Sisi tulikuwa behewa la tano. Nikarudi ndani. Wenye masikio yao walikuwa wamelala, wengine wameyaziba kwa muziki. Nikaandika daftarini kwa herufi kubwa: TRENI INAKATWA. MINESAKI NI MABEHEWA 1–3. Nikapita nalo mbele ya kila pua, waliolala nikawagusa bega. Behewa zima likainuka, likanifuata jukwaani mbio, mimi kiziwi nikiwa mbele na daftari juu! Nilijisikia mkubwa kuliko mkuu wa kituo.

Tulipoketi behewa la tatu, nikaona dirishani lile la tano likibaki nyuma, tupu.

"Redio ya taifa," nikamwambia Tetsuo, "leo imekosa mawimbi."

"Betri," akasema, asinitazame.

Saa sita tulikuwa meza ya mbele. Chigusa alisimama na kimono chake cha harusi, mikono yake ikasema: "Baba, Mama, hamkuwahi kunisikia nikilia usiku, lakini kila nilipolia mlikuwa macho. Asanteni." Sikukosa hata neno moja.

Tetsuo akanivuta mkono. "Kasemaje mwisho? Machozi yameniziba macho."

"Kasema kuna ukungu," nikamjibu, na mimi mwenyewe nilikuwa sioni.